Bidhaa 640 zinaingia, 571 zinatoka: jedwali la kategoria linazimeza wapi?

MtotoWaDarajani #1
Wakuu habari. Nasimamia mtambo wa duka la shangazi, Unguja. Tunauza kanga, vikoi, kofia, mikoba ya ukili, udi, na seti za zawadi ya bibi harusi. Dada yupo Leicester. Mzigo anao kule na akaunti za mauzo ni zake. Bidhaa zinakwenda eBay ya Uingereza na kwenye matangazo ya bidhaa ya Google.

Mti wetu wa kategoria ni wa kwetu wenyewe, tumeuita tunavyojua: Nguo > Za kike > Kanga, na kadhalika. Masoko yale kila moja lina mti wake. Kwa hiyo nimetengeneza jedwali la ulinganisho: kategoria yetu upande huu, soko katikati, namba ya kategoria ya soko upande ule. Skripti inasoma jedwali na kutoa faili la kila soko.

Tatizo: hifadhidata ina bidhaa 640. Faili la eBay linatoka na mistari 571. Hakuna kosa lolote linaloandikwa. Hizo 69 zimekwenda wapi?

```sql
SELECT p.sku, m.target_id
FROM products p
LEFT JOIN cat_map m ON m.cat_id = p.cat_id
WHERE m.channel = 'ebay_gb';
```

MzeeWaKariakoo #2
Kijana, usijisumbue. Kila soko lina kategoria ya "Nyingine". Kisichopata mahali kitupe huko, mzigo uende. Mimi hata dukani nina rafu ya mchanganyiko na vitu vinanunuliwa.

Kodi_Kijana #3
Hilo jedwali la mkono ni kazi ya bure mkuu. Chukua jina la kategoria yako, linganisha herufi na majina ya kategoria za soko, chukua linalokaribiana zaidi. Mistari 20 ya msimbo, umemaliza. Google wanatoa faili lao lote la kategoria bure, `taxonomy-with-ids.en-US.txt`.

MamaUbuyu #4
Samahani, kwa hiyo ukiuza udi na nguo pamoja unahitaji leseni ya kategoria mbili? Maana mimi naambiwa nibadilishe.

Fundi_Jedwali #5
MamaUbuyu, hapa tunaongelea rafu za masoko ya mtandaoni, si leseni. La leseni fungua uzi wake, nitakuja.

MtotoWaDarajani, angalia mstari wako wa mwisho. Umeandika LEFT JOIN kwa nia njema, ili bidhaa isiyo na mwenzake kwenye jedwali ibaki. Nayo inabaki kweli, ila safu ya `m.channel` inakuwa tupu. Kisha WHERE inauliza: je, channel ni ebay_gb? Tupu si ebay_gb, basi bidhaa inafutwa. Umeifungulia mlango wa mbele ukaitoa kwa mlango wa uani. Hamisha sharti la soko liingie ndani ya ON:

```sql
LEFT JOIN cat_map m
  ON m.cat_id = p.cat_id
 AND m.channel = 'ebay_gb'
```

WHERE iondoke kabisa. Endesha, halafu utupe hesabu.

MtotoWaDarajani #6
Duh. Nimeendesha. Sasa inatoa 663. Bidhaa ninazo 640!

Kodi_Kijana #7
Ndiyo maana nilikwambia uachane na jedwali.

Fundi_Jedwali #8
Tulia, hiyo 663 ndiyo habari njema yenyewe. Ina maana tangu mwanzo ulikuwa na matatizo mawili na moja lilikuwa linalificha jingine. Kuna kategoria yenye mistari miwili ya ebay_gb kwenye jedwali, kwa hiyo kila bidhaa yake inatoka mara mbili. 663 toa 640 ni 23. Tafuta kategoria yako yenye bidhaa 23.

Na sasa rudi kwenye 571. Kama 23 kati yake zilikuwa nakala, bidhaa halisi zilizotoka ni 548. Zilizopotea si 69, ni 92. Hesabu ya mistari ilikudanganya. Hesabu `COUNT(DISTINCT p.sku)` kila mara, kisha weka ufunguo wa kipekee kwenye jozi ya (cat_id, channel) ili hifadhidata yenyewe ikatae mstari wa pili.

MtotoWaDarajani #9
Kofia za kiume! 23 kamili. Mimi niliziweka kwenye kofia, dada naye akaongeza mstari wa mavazi ya kiasili bila kufuta wangu. Kumbe kila kofia ilikuwa inapakiwa kwenye rafu mbili.

Na zisizo na mwenzake ni 92 kweli. Nazipitia.

BintiPwani #10
Nipo Mombasa, nilipitia haya. Kwetu hiyo kanga ni leso. Sasa mwenzenu wa Bara ukimwambia leso anafikiria kitambaa cha kupengea kamasi. Tulikuwa tunauza pamoja na mshirika wa Tanga. Yeye anaandika Kanga, mimi naandika Leso, na jedwali letu lilikuwa linalinganisha kwa majina. Nusu ya mzigo wangu ukaenda kwenye vitambaa vya mfukoni. Tukajua siku mteja alipouliza mbona kitambaa cha mfukoni kina urefu wa mita moja na nusu.

Tangu hapo kila kategoria ina namba yake, jina ni la kusoma binadamu tu. Ukibadilisha jina leo, namba haibadiliki na jedwali halivunjiki.

Kodi_Kijana #11
BintiPwani, hilo ni tatizo la majina yenu, si la njia yangu. Ngoja niwaonyeshe. Nimechukua orodha ya Google, nimeitafutia "Kofia" jina linalokaribiana zaidi kwa herufi...

Sawa. Imenipa `Sofas`.

MzeeWaKariakoo #12
Makochi! Kijana anavaa kochi kichwani anaenda msikitini.

Fundi_Jedwali #13
Usimcheke, njia yake si mbaya ikiwekwa mahali pake. Ulinganishaji wa herufi hauwezi kuvuka lugha mbili: kutoka Kofia hadi Sofas unabadilisha herufi tatu, kutoka Kofia hadi Hats unabadilisha zote. Ukitafsiri kwanza utapata mapendekezo yanayofaa. Hata eBay wana wito wa API, `getCategorySuggestions`: unaupa kichwa cha bidhaa, unarudisha kategoria kadhaa zinazoelekea. Lakini yabaki mapendekezo. Mtu aone, akubali, ndipo mstari uingie kwenye jedwali. Kategoria za duka la shangazi ni ngapi? Sitini? Hiyo ni kazi ya jioni mbili, na ukishaifanya imefanyika.

Kodi_Kijana #14
Nimekubali kwa kategoria 60. Zikiwa 6,000 tutaonana.

MtotoWaDarajani #15
Nimerudi. Hizo 92 zimegawanyika makundi matatu.

38 ni kanga za kisutu. Shangazi alituomba tuziwekee kategoria yake ndogo chini ya Kanga mwezi uliopita kwa ajili ya msimu wa harusi. Hakuna aliyeligusa jedwali.

34 ni mikoba ya ukili. Hii ilinisumbua kwa sababu mstari wake upo, nauona kwa macho! Kwenye bidhaa, namba ya kategoria ni `0410`. Kwenye jedwali ni `410`. Dada alifungua faili kwa Excel, akahifadhi, sifuri ya mbele ikaliwa.

20 ni seti za bibi harusi: kanga doti moja, udi, singo, na kikapu cha kutilia. Hizi hazina mahali popote na kwa kweli sijui pa kuziweka.

PwaniMpakaMaskat #16
Hapo kwenye sifuri pole sana. Mimi huku Maskat nilikula hasara ya aina hiyo, ila yangu iligeuza namba kuwa na nukta: `2271` ikawa `2271.0`. Ilitokea kwa sababu safu ilikuwa na seli tupu, programu ikaisoma yote kama desimali. Siku hizi namba zote za kategoria naanza na herufi, mfano `K0410`. Hakuna programu itakayodhani hiyo ni hesabu.

Fundi_Jedwali #17
Ushauri wa Maskat ni mzuri, uchukueni. Ila ni kwa namba zako mwenyewe. Za soko huwezi kuzibadilisha, hizo zihifadhi kama maandishi tangu kwenye hifadhidata.

Sasa kisutu. Hapa ndipo watu wengi wanaweka kanuni ya kupanda mti: kategoria ikikosa mstari, muulize mzazi wake, mzazi akikosa, muulize babu. Kisutu haina mstari, Kanga inao, basi kisutu inarithi wa Kanga. Kwa kisutu ni sahihi kabisa, kwani kisutu ni kanga. Ila ukiiachia ipande bila mpaka, utaumia kwa njia mbili.

Ya kwanza, masoko hayafanani. Kwenye eBay bidhaa lazima ikae kwenye kategoria ya ncha, ile isiyo na watoto. Ukipanda hadi "Nguo za kike" ukapeleka namba ya tawi, inakataliwa. Google hawana sharti hilo. Ukiwapa 1604, ambayo ni `Apparel & Accessories > Clothing`, wanaipokea ijapokuwa ni pana.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haikataliwi. Niliwahi kukuta duka ambalo vitambaa vya meza viliwekwa chini ya Kanga, kwa kuwa vimeshonwa kwa kanga. Vikarithi kategoria ya nguo. Google kwa nguo zinazouzwa Uingereza wanataka rangi, saizi, jinsia na rika. Kitambaa cha meza kikaanza kudaiwa jinsia. Mwenye duka akahangaika wiki nzima kujaza "kike" kwenye vitambaa vya meza badala ya kuuliza kwa nini anaulizwa. Ukiona soko linakudai sifa ambayo bidhaa haina, shuku kategoria kwanza.

Mimi naruhusu kupanda hatua moja tu, na kila kilichorithi nakiandika kwenye orodha ya kupitiwa.

Nahodha_Data #18
Hapa natofautiana na Fundi. Mimi sirithi kabisa. Kategoria mpya ikizaliwa bila mstari, bidhaa zake zinasubiri hadi mtu aamue. Kurithi kunawafanya watu wasahau jedwali. Inaonekana mambo yanakwenda, kumbe yanakwenda pabaya.

BintiPwani #19
Nahodha, hiyo inawezekana ukiwa na mtu wa kuamua kila siku. Kwetu mshirika anaongeza kategoria Ijumaa jioni, mimi naona Jumatatu. Msimu wa harusi siku tatu ni nyingi.

MzeeWaKariakoo #20
Ndiyo nikasema "Nyingine". Haikai tupu, hairithi, inauzika.

Nahodha_Data #21
Mzee wangu, rafu yako ya Kariakoo mteja anapita mbele yake kwa miguu, anaiona. Mtandaoni mteja anachuja: kofia, ya kiume, pamba, nyeupe. Kategoria ya "Nyingine" mara nyingi haina vichujio hivyo, kwa hiyo mteja akibonyeza kichujio cha kwanza tu, bidhaa yako imeshatoka machoni. Tena kuna masoko ambayo kamisheni inafuata kategoria, ukajikuta unalipa kiwango kisicho chako.

MzeeWaKariakoo #22
Hilo la kamisheni sikulijua. Lakini bado nasema, iliyopo kwenye Nyingine ina nafasi kuliko isiyopakiwa kabisa.

Fundi_Jedwali #23
Mzee hapo ana haki, na ndiyo sababu nataka "Nyingine" iwe uamuzi wa mtu na si mahali skripti inapoangukia yenyewe. Kwenye jedwali ongeza safu ya hali. Mimi natumia tatu: `imepangwa`, `inasubiri`, `haiuzwi`. Seli tupu haisemi lolote. Inaweza kumaanisha hujafika hapo, au uliangalia ukakosa, au uliamua udi usipelekwe soko lile. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mtu mwingine akifungua jedwali miezi sita baadaye hawezi kukisia. Ukiamua "Nyingine", andika namba yake, weka `imepangwa`, na uandike sababu na tarehe.

Na kila skripti inapomaliza, itoe hesabu moja: zilizopakiwa, jumlisha zinazosubiri, jumlisha zisizouzwa, zilingane na bidhaa zote. Zisipolingana isipakie kitu.

MtotoWaDarajani #24
Hiyo hesabu nimeiweka sasa hivi. Kwa eBay: 582 zimepangwa, 38 zinasubiri, 20 hazijaamuliwa... ngoja, hizo 20 ni `inasubiri` pia au ni nini? Maana kisutu najua pa kuziweka, ni suala la kuandika mstari tu. Seti ninazitazama na sioni mlango.

Kodi_Kijana #25
582 + 38 + 20 = 640. Angalau sasa zipo zote.

PwaniMpakaMaskat #26
Seti: mwongozo wa Google unasema kitu chenye matumizi mengi kipangwe kwa matumizi yake makuu. Sasa jiulize, mnunuzi wa seti ile ananunua nini? Mimi nadhani ananunua kanga, hivyo vingine ni kisindikizo.

BintiPwani #27
Kwa heshima, hapana. Kanga ya doti anaweza kuipata popote. Anayenunua seti anamtafutia bibi harusi singo na udi vilivyopangwa pamoja. Kwangu mimi hiyo ni zawadi, ikae kwenye vikapu vya zawadi.

MamaUbuyu #28
Mimi nilifungasha seti kama hizo miaka mingi. Bei kubwa humo ni ya udi. Ukitoa udi, seti haina bei. Sasa kwa nini isikae kwenye udi?

Fundi_Jedwali #29
MamaUbuyu umeingia kwenye uzi kwa leseni, na hoja hiyo hakuna aliyeileta. Kwa bei, kwa uzito, kwa nia ya mnunuzi. Kila kimoja kinakupeleka rafu tofauti. Ningekuwa mimi, ningezipanga moja moja: kila seti kwa namba yake ya bidhaa, si kwa kategoria. Yaani jedwali dogo la pili linalosoma namba ya bidhaa, ambalo linaangaliwa kabla ya jedwali la kategoria. Bidhaa 20 ni chache, linabebeka. Likifika 200 basi ujue mti wenu wenyewe una kasoro na unahitaji tawi jipya.

Nahodha_Data #30
Jedwali la pili nalikubali. Ila swali kubwa hakuna aliyeligusa: kanga yenyewe mmeiweka wapi? Mtoto, umesema zina mstari tayari.

MtotoWaDarajani #31
Kwa Google nimeweka 5388, `Traditional & Ceremonial Clothing`. Kwa eBay dada ameweka kwenye vazi la ufukweni, pale kwenye saroni.

BintiPwani #32
Vazi la ufukweni! Kanga yenye pindo, mji na jina, umwekee mtalii aifunge juu ya nguo ya kuogelea?

PwaniMpakaMaskat #33
Lakini wanainunua kweli. Mimi nilijaribu skafu na mitandio, 177 kwa Google, kwa sababu huku wanawake wanajifunika. Waliokuja walitaka kitu chepesi cha shingoni, wakaona pamba ya doti zima, wakaondoka.

BintiPwani #34
Na mimi nilijaribu vitambaa vya kushonea, soko moja silitaji. Mnunuzi wa vitambaa anahesabu kwa mita. Aliagiza "4" akidhani ni mita nne za mfululizo, nikampelekea doti nne. Alirudisha zote na nauli ikawa juu yangu.

Kodi_Kijana #35
Kwa Google si mwache tu wazi? Nilisoma kwamba usipoandika kategoria bidhaa inakataliwa, ila sijui kama bado ni hivyo.

Fundi_Jedwali #36
Haikataliwi. Google wanapanga wenyewe kwa kusoma kichwa na maelezo. `google_product_category` ni ya kuwasahihisha pale wanapokosea. Mti wenu wenyewe una mahali pake palepale, `product_type`: andika `Nguo > Za kike > Kanga > Kisutu` kama ulivyo, hakuna anayekukataza, na utaweza kugawa matangazo yako kwa hiyo. Kwa hiyo kwa Google kanga isiyo na rafu si msiba. Kwa eBay lazima uchague ncha.

Ila kwa kitu ambacho dunia yao haina jina lake, kama kanga, badala ya kuacha Google waamue kwa kichwa kisemacho "Kanga doti", mimi ningeandika 5388 mwenyewe.

Nahodha_Data #37
Ongeza safu ya toleo pia. Faili la Google nililonalo juu lina maandishi `Version: 2021-09-21`, eBay nao kila mti una namba ya toleo, na wa Uingereza si wa Marekani. Wakifuta ncha uliyoitumia, utaijua kwa kulinganisha matoleo kabla hujakataliwa.

MtotoWaDarajani #38
Ahsanteni wote. Taarifa: mikoba 34 imepakiwa baada ya kurudisha sifuri, kofia zimebaki na mstari mmoja, kisutu nimeziandikia mstari wake mwenyewe na sikutumia kurithi. Seti 20 zinasubiri kwenye jedwali la pili.

Kuhusu kanga nimempigia shangazi simu nikamsomea rafu zote nne. Amesikiliza mpaka mwisho akauliza: "Sasa hapo kwenye saroni, jina la kanga litaandikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nimemwomba dada agawe: doti 30 zenye majina zihamie mavazi ya kiasili, nyingine 30 zibaki saroni, tuangalie wiki sita.

MzeeWaKariakoo #39
Na doti 30 kwenye Nyingine. Ili tujue.

MtotoWaDarajani #40
Sawa Mzee, na 30 kwenye Nyingine. Nitaandika na sababu kwenye jedwali.

BintiPwani #41
Hakikisha majina yanafanana pande zote tatu, la sivyo utakuwa unapima jina la kanga na si rafu. "Wivu wako" itauzika hata ukiiweka kwenye makochi.

MamaUbuyu #42
Na udi je, mmeuamua?